Mama Chuma na Majani ya Kuleta Damu

Siku ya kwanza Mama Chuma kuingia sokoni kwetu alimchapa mtu upupu shingoni mpaka akavimba, na mtu mwenyewe ni mimi. Nalisema mapema asije akatokea mtu akadai nampamba kwa sababu ni shoga yangu. Alikuwa ametua gunia lake mbele ya meza yangu ya nyanya, pale pale wateja wanaposimama, bila hata hodi. Nikamwambia aondoe takataka zake. Akaniuliza takataka ni nani. Mimi na mdomo wangu usio na breki nikamjibu ajitazame kwenye kioo, kisha nikalipiga gunia teke. Loo! Yule mama alitia mkono mtupu ndani ya gunia, akachomoa kitita cha majani, akanichapa nacho kushoto na kulia, shingo na kifua, huku akisema, "Haya, takataka ndiyo hizi, zifagie sasa!"

Kama hujawahi kuchomwa na upupu wa majani, mshukuru Mungu wako. Sisemi ule wa maganda yenye manyoya. Huu ni mmea wa kijani, majani yana meno pembeni, na kila jani limejaa vinywele vidogo. Ukigusa tu, vinywele vinakatikia ndani ya ngozi na kumwaga maji yake, na hapo ndipo utakapojua ngozi yako ina ukubwa gani. Nilitoka mabaka. Nililia. Nikachukua mti wa mwavuli wangu nikamtandika nao mgongoni mara kadhaa kabla wabeba mizigo hawajatutenganisha. Basi tukiwa tumeshikwa kila mtu na mtu wake, tunahema, akaniambia, "Usijikune wewe, utaeneza. Nawa kwa maji baridi na sabuni, uache pakauke." Nikanawa. Kesho yake akaja akatua gunia pembeni ya meza yangu, si mbele, na tangu hapo tukawa majirani.

Jina lake la Mama Chuma lilikuwa na maana mbili, naye alizikubali zote. Kwanza, alikuwa akichuma upupu kwa mikono mitupu. Alinionyesha siri yake: unalishika shina kutoka chini kwenda juu, kwa nguvu, bila kusitasita, na vinywele vinalala. Ukigusagusa kwa woga ndipo unachomwa. Hata hivyo viganja vyake vilikuwa vimeshakuwa sugu kama soli. Pili, alikuwa anauza chuma, yaani yale madini ya kwenye damu, au ndivyo alivyotuambia sote.

Kazi yake niliiona kila siku kwa jicho langu, na kwenye kazi hakuwa na mchezo. Alichuma nyuma ya mazizi ya ng'ombe, penye samadi, ambako upupu hunawiri. Alichukua vichomozo tu, yale majani machanga ya juu, tena kabla mmea haujatoa maua. Yakishachanua, alisema, yanakuwa na chengachenga zinazosumbua figo. Hapo sokoni alikuwa na jiko la mkaa na sufuria pana. Maji yakichemka anayatumbukiza majani kwa koleo la mbao, anayageuza, na yakishaiva hayachomi tena, hata ukimpaka mtoto usoni. Anayakamua, anayafinyanga kuwa matonge, anayapanga kwenye sinia. Mengine aliyakausha na kuyafunga kwenye vifuko kwa ajili ya chai. Na siku nzima alipiga kelele ile ile, "Chuma hicho! Majani ya kuleta damu! Njoo umepauka, uondoke unang'aa!"

Imani hiyo aliipata kitandani. Alipojifungua mtoto wake wa mwisho alitokwa na damu nyingi, akawa hawezi kusimama bila kuona kiza. Mama mkwe wake, aliyekuwa na ng'ombe na upupu tele nyuma ya zizi, akampikia sufuria baada ya sufuria, na chai yake juu. Akainuka. Nikamuuliza siku moja, "Na hospitali hawakukupa kitu?"

"Walinipa vidonge."

"Ukameza?"

"Nikameza vyote. Na maini nilikula."

"Sasa umejuaje ni majani yaliyokuinua?"

Akanitazama kama nimemtukania mama mkwe. "Vidonge vyenyewe vilikuwa vidogo hivi," akasema akinionyesha ncha ya kidole. "Majani yalikuwa sufuria nzima." Nikarudi kupanga nyanya zangu.

Mumewe naye alikuwa mpigaji. Alimpiga mpaka siku aliyovaa suruali iliyopitishiwa upupu ndani, na inasemekana alikimbia barabara nzima akiwa ameishika mkononi. Hakurudi. Mama Chuma akalea wanawe kwa yale yale majani. Kwa hiyo ukiniuliza kwa nini aliyaamini hivyo, nitakuambia alikuwa na sababu zake, na hakuna hata moja iliyokuwa ya kijinga machoni pake.

Ila neno moja lilikuwa linanikera, nalo ni lile la kuleta damu. Wanawake wenzangu mnanielewa. Mtu akikosa siku zake, akanong'ona kwamba anatafuta kitu cha kuleta damu, hatafuti mboga. Anatafuta kutoa mimba. Nilimwambia Mama Chuma zaidi ya mara moja, "Wewe, sema yanaongeza damu. Kuleta damu ni lugha nyingine."

"Damu ni damu," akanijibu. "Mtu asiye nayo, ikija si imeletwa?"

"Iko siku utaletewa wewe."

Akacheka, akaendelea kuita wateja. Mungu anisamehe, hata mimi nilicheka.

Sasa nyuma ya soko kuna karakana ya kuchomelea vyuma, ya kijana mmoja tuliyemwita Fundi. Mageti, madirisha, vitanda, yeye ndiye. Mchapakazi, lakini hasira zake ziko karibu na petroli. Alikuwa ameoa si zamani, na mkewe tukamwita Bi Harusi, jina likamganda. Binti mpole, mwembamba, anayenunua nyanya moja moja akizibonyeza kwa adabu. Akapata mimba. Fundi alitangaza mwenyewe sokoni, akatununulia soda mimi na Mama Chuma, akawa anatembea kifua mbele kama yeye ndiye anayebeba.

Kliniki wakampima Bi Harusi, wakamwambia damu iko chini. Wakampa vidonge vya chuma. Vikamshinda. Alikuja kwenye meza yangu akiwa amekunja uso. "Mama Nyanya, vinanitapisha. Na choo kinakuwa cheusi, tena kigumu, mpaka nalia." Kabla sijafungua mdomo, Mama Chuma akadakia kutoka kwenye jiko lake, "Vya nini kujitesa, mwanangu? Chuma hiki hapa, cha Mungu, hakina kiwanda. Kunywa chai yake asubuhi, mchana na jioni. Nzito!" Bi Harusi akauliza kama haina neno kwa mwenye mimba. Mama Chuma akasema yeye yalimwinua baada ya kujifungua, sasa yatamdhuru vipi anayengoja kujifungua? Ndivyo alivyofikiri. Hakuna aliyemwambia kwamba hayo ni mambo mawili, na yeye hakuwa mtu wa kuuliza.

Basi binti akaacha vidonge. Akawa ananunua vifuko vya chai, na mama mkwe wake, yaani mama yake Fundi, ndiye aliyekuwa anamchemshia mpaka inakuwa nyeusi. Binti akawa anakwenda haja ndogo kila mara, akidhani ni tumbo linalobana. Uso haukung'aa. Ulizidi kuwa mweupe wa chaki. Nilimwona siku moja ameshikilia ukingo wa meza yangu akihema baada ya kutembea kutoka karakana, ambapo ni karibu tu, nikamwambia arudi kliniki. Akasema anangoja majani yafanye kazi.

Siku ya tukio sokoni kulikuwa kumejaa. Mama Chuma alikuwa amejiinamia kwenye sufuria, mvuke unampanda usoni. Mimi nilikuwa napanga nyanya. Nikasikia watu wanapiga mayowe, na nilipogeuka Fundi alikuwa ameshafika, shati limelowa damu tumboni, mkononi ana nondo. Aliipiga sufuria kwanza. Maji ya moto yalimwagika kwenye makaa yakalipuka mvuke, na mengine yakamwagikia Mama Chuma miguuni. Akapiga kelele. Nondo ya pili ilimpata mkono alioinua kujikinga. Niliusikia mfupa ukivunjika. Mpaka leo nikikanyaga kijiti kikavu moyo unanilipuka.

"Umeniulia mwanangu!" Fundi akanguruma. "Umemuuzia mke wangu dawa ya kutoa mimba!"

Ndipo tulipoelewa. Bi Harusi alikuwa ameanza kutokwa na damu alfajiri hiyo. Fundi alimbeba mikononi mpaka hospitali. Kule muuguzi alimuuliza binti ametumia nini, na yule maskini, kichwa kinamzunguka, akajibu kama alivyofundishwa sokoni: amekunywa majani ya kuleta damu. Fundi alikuwa amesimama pale pale. Alisikia kile ambacho mwanamume yeyote angesikia. Aliinua mkono ampige mkewe hapo hapo kwenye machela, mlinzi akamdaka. Akamponyoka mlinzi, akapitia karakana kuchukua nondo, akaja kwetu.

Mama Chuma alikuwa chini, amekumbatia mkono wake. Akawa analia, "Si dawa ya mimba! Ni majani ya kuleta damu tu! Waulize watu, yanaleta damu!"

Jamani. Kila alipolisema lile neno ndivyo alivyojichimbia. "Mnamsikia?" akapaza sauti muuza viatu wa upande wa pili, mtu ambaye alikuwa hajawahi hata kununua tonge. "Anakiri mwenyewe! Muuaji!" Na wewe unajua soko. Kufumba na kufumbua walikuwa wamejaa. Mmoja akamtupia jiwe, likampasua juu ya jicho. Mwingine akampiga teke la mbavu. Mwanamke mmoja, mteja wake kabisa, akamvuta kilemba na nywele pamoja. Nikasikia mtu anauliza kuna tairi wapi.

"Yanaleta damu!" Mama Chuma akazidi kulia, uso umejaa damu. "Wallahi yanaleta damu!"

"Sema yanaongeza!" nikampigia kelele mimi. "Yanaongeza, mjinga wewe! Sema yanaongeza!" Lakini alikuwa hanisikii. Nilijaribu kupita, nikasukumwa, nikaangukia nyanya zangu mwenyewe. Nilipoinuka nilikuwa si mimi. Gunia lake lilikuwa limebaki pembeni, majani mabichi hayajaguswa na maji. Nikatia mikono yote miwili, mitupu, nikabeba nilichoweza, nikaanza kuchapa. Nilichapa nyuso. Nilichapa shingo, mikono, midomo iliyokuwa wazi inatukana. Muuza viatu nilimpaka macho yote mawili akaanguka akibweka. Sikuona mtu wala rafiki. Mikono yangu ilikuwa inawaka moto mpaka kwenye kwapa na sikujali, nilitaka kila mmoja pale aungue. Nilifika kwa Fundi, nikamkung'uta usoni na yaliyobaki. Akaniinulia nondo. Nikamwambia, "Piga! Piga na mimi, mpumbavu mkubwa!" Na angepiga. Macho yake yalikuwa hayapo.

Kofi ndilo lililomzuia. Lilitua shavuni kwake kwa kishindo, na aliyempiga alikuwa mama yake mzazi, amekuja mbio kutoka hospitali, kanga moja, miguu peku.

"Mimi ndiye niliyemchemshia!" akamfokea mwanawe. "Mimi, mama yako! Mkeo alikuwa anakunywa apate damu. Alikuwa anamtaka huyo mtoto kuliko wewe unavyomtaka! Kliniki walimwambia damu haimtoshi, vidonge vikamtapisha, akakimbilia majani. Kutoa mimba? Nani alikuambia kutoa mimba?"

Fundi akasimama na nondo yake. "Amesema ya kuleta damu," akasema, kwa sauti ndogo ya mtoto.

"Damu ya mwili, wewe! Ya mwili!" Mama akamwangukia kifuani akilia, akawa anampiga kwa ngumi huku amemshika. "Na sasa anakufa. Hana akiba ya damu hata ya kutoka. Hospitali wamemwekea chupa ya mwisho waliyokuwa nayo, wanasema twende watu tutoe, twende sasa hivi, na wewe uko hapa unamwaga ya watu!"

Akageukia lile kundi. Akawaomba. "Ndugu zangu, njooni mtoe damu. Yeyote. Tafadhalini." Nataka niwaambie nilichokiona. Wale waliokuwa wanatafuta tairi wakaanza kutazama viatu vyao. Huyu ana presha, yule anafunga, yule duka liko wazi. Muuza viatu alikuwa bado anasugua macho. Watu wote wale, na walivyokuwa na hamu ya damu! Nikawatukana matusi ambayo siyarudii hapa, nikawatemea mate.

Aliyejibu alikuwa chini. "Nichukueni mimi," akasema Mama Chuma. "Mimi ninayo. Nimekula majani haya maisha yangu yote, damu yangu ni chuma kitupu. Nichukueni mimi, nimpe."

Nilimwambia akae kimya, amevunjika mkono. Akajiinua kwa mkono mmoja. Basi tukaenda, msafara wa ajabu: Mama Chuma na uso wake umefungwa kanga, mimi mikono imevimba kama maandazi, mama yake Fundi peku, na Fundi mwenyewe nyuma yetu, uso mabaka matupu, ameshaitupa nondo.

Maabara walipima kila mmoja kwa tone la kidole. Fundi akafaa. Mimi nikafaa, pamoja na mikono yangu ile. Walinitoboa mshipa wa juu, kwenye ngozi nzima. Mama Chuma walikuwa hawataki hata kumpima, walitaka kwanza ashonwe, lakini alikataa kuondoka pale mlangoni, akawa anawanyoshea kidole cha mkono mzima. "Pimeni muone damu!" Muuguzi mmoja mnene, mwenye subira, akampima ili amnyamazishe tu. Akatazama kile kimashine. Akampima tena kidole kingine. Kisha akamvuta kope la chini, akamtazama kucha.

"Mama," akasema, "wewe una damu ndogo kuliko yule mgonjwa wa ndani alivyokuwa kliniki."

"Ni jiwe," nikasema. "Amepigwa, ametokwa na damu."

"Damu ya leo ni kijiko tu. Hii ni ya siku nyingi." Akamuuliza taratibu kama siku zake zinakuja nyingi. Mama Chuma akasema, ndiyo, miaka kadhaa sasa, siku nyingine hata vitambaa havitoshi, lakini alikuwa anajaziliza kwa majani. Anakunywa chai yake kila mlo.

Yule muuguzi hakumcheka. Alivuta kiti akakaa. Alisema upupu uliopikwa ni mboga nzuri kama mboga nyingine za majani, na chuma kimo, ndiyo. Ila chuma cha majani mwili unakipokea kidogo tu. Ukikamulia ndimu au ukila na nyanya kinapokelewa zaidi, ukishushia na chai ya rangi unakizuia. Na chai ya hayo majani ndiyo ina chuma kidogo zaidi, kingi kinabaki kwenye jani unalolitupa. "Haiwezi kujaza damu inayomwagika kila mwezi, na haiwezi kuwa badala ya vidonge vya mjamzito." Akaongeza kwamba kwa wenye mimba huwa wanaikataza chai hiyo, maana inadhaniwa inaweza kuchokoza mfuko wa uzazi, inakojoza, na hakuna aliyeipima vya kutosha kusema ni salama.

"Kwa hiyo ni mimi niliyemuua mtoto?" Mama Chuma akauliza.

"Hakuna anayeweza kuapa kwamba ni chai, na hakuna anayeweza kuapa kwamba si chai. Mimba hutoka kwa sababu nyingi. Ninachojua ni kwamba aliacha vidonge. Alipoanza kutokwa na damu hakuwa na akiba."

Mama Chuma akaviangalia viganja vyake, vile vigumu visivyochomwa na kitu. Halafu akalia kwa sauti, mbele za watu, kilio ambacho hakukitoa kwa nondo wala kwa jiwe. Na mimi nikalia, tena kwa hasira, maana sikujua nimkasirikie nani.

Mtoto alitoka mchana ule. Bi Harusi akabaki hai, kwa damu iliyotoka kwenye mishipa ya wengine, na moja ya hizo chupa ni ya mume wake. Alipopata nguvu ya kuongea alimwambia Fundi maneno machache tu: "Uliamini ningemuua." Akaenda kwao, na alikaa huko muda mrefu. Mama Chuma walimshona juu ya jicho, wakamfunga mkono, na walipomchunguza wakamkuta ana uvimbe kwenye kizazi, ndio uliokuwa unamkausha; wakautoa. Alipokataa kumshtaki Fundi nilimfokea siku nzima. Mimi ningemfunga. Fundi alimchomelea meza ya chuma, akaileta mwenyewe begani, akaiweka, akaondoka bila kuinua macho. Ni meza nzuri. Mimi sijawahi kuishika.

Mama Chuma akarudi kazini, jicho moja limefinywa na kovu. Vifuko vya chai alivichoma jikoni vyote. Kelele yake ilibadilika, ikawa neno moja, "Mboga! Mboga! Mboga!" Mteja akimuuliza kama yanaleta damu, anamfukuza kwa koleo la moto. Mwenye tumbo ndio kabisa, hamsogezi hata kwenye tonge lililoiva. "Mchicha uko kule," anasema, "nenda ukaubahatishe huo." Na kila mchana baada ya kula anatoa kidonge chake, anakimeza mbele ya soko zima, halafu anafungua kinywa wazi kwa muuza viatu aone kimeenda.

Juzi Bi Harusi alirudi sokoni. Fundi alikuwa amekwenda kumwomba kwao mpaka viatu vikaisha, na kwa miezi kadhaa walikuwa wanaishi pamoja tena. Binti alikuja mezani kwangu, akabonyeza nyanya kwa adabu kama zamani, na kanga ameifunga juu kidogo ya kiuno. Nikaelewa. Mama Chuma naye akaelewa, akasimama. Hawakuwa wameonana tangu siku ile.

"Shikamoo, mama," akasema Bi Harusi.

Hakuitikia. "Wamekupa vidonge?"

"Wamenipa."

"Vinakutapisha?"

"Kidogo."

"Waambie wakubadilishie! Na umeze ukiwa umeshakula, usimeze na chai. Viko wapi?" Bi Harusi akasema viko kwenye mkoba. "Umemeza cha leo?" Binti akainamisha kichwa. Mama Chuma akatia mkono kwenye gunia, akachomoa kitita kibichi, akakiinua juu, na mimi nikarudi nyuma maana najua kile kinavyouma. "Meza. Hapa. Nikuone."

Nikampa maji yangu. Akameza. Akafungua kinywa mwenyewe, bila kuambiwa, Mama Chuma akachungulia mpaka kooni. Kitita kilikuwa bado kiko juu, kwenye mkono ule uliovunjwa.

"Na haya majani," akamuuliza, "yanaleta nini?"

"Hayaleti kitu, mama."

"Sema tena."

"Hayaleti kitu."

Ndipo Mama Chuma akakishusha, akasema, "Marahaba, mwanangu."